Tembo Mzuri Katika Vita vya Nyota

Mwaka 2005, filamu ya tatu ya mkondo mpya wa Star Wars ilipoingia kwenye kumbi za sinema, haikuchukua muda kabla diski zake bandia hazijaanza kuuzwa mitaani Shanghai. Mmoja wa walionunua nakala hizo aligundua jambo la ajabu. Waigizaji walizungumza Kiingereza chao cha kawaida, na sabtaito chini ya picha nazo zilikuwa za Kiingereza, ila viwili hivyo havikuelewana hata kidogo. Maneno ya filamu yalikuwa yamegeuzwa Kichina, kisha Kichina hicho kikarudishwa Kiingereza kwa mashine. Jina lenyewe la filamu, Revenge of the Sith, yaani kisasi cha kundi la waovu liitwalo Sith, lilirudi likiwa Backstroke of the West. Kwa Kiswahili, hiyo ni kama kusema "Kuogelea Chali kwa Magharibi".

Picha za sabtaito hizo zilisambaa duniani kote, na zaidi ya miaka kumi baadaye mashabiki waliirekodi filamu nzima upya, wakiyasoma maneno hayo ya kipuuzi kwa sauti nzito za kuigiza. Kuna sababu ya kueleweka kwa nini kicheko hicho kilidumu, na inaanzia kwenye namna makosa yenyewe yalivyozaliwa.

Kichina huandikwa bila nafasi kati ya neno na neno. Msomaji ndiye anayeamua wapi neno linaanzia na wapi linaishia, na huamua bila hata kujua kwamba ameamua. Mashine nyingi za tafsiri za wakati ule zilitegemea kamusi na kanuni zilizoandikwa na watu, kwa hiyo kazi yao ya kwanza ilikuwa kuukata mstari vipande, kisha kila kipande kikatafutiwa maana. Zikikata pabaya, kila kinachofuata huharibika. Kiswahili kingepata balaa hilohilo kama mashine ingekata "mwanasheria" vipande viwili na kumleta mahakamani "mtoto wa sheria".

Ndivyo tembo alivyoingia kwenye filamu isiyo na tembo. Kichina kina neno "haoxiang", lenye maana ya "inaonekana" au "ni kama". Silabi ya kwanza, ikisimama peke yake, ni "nzuri". Ya pili, kwa namna mojawapo ya kuiandika, ni "tembo". Mtu anapotaka kusema kwamba mgonjwa anaonekana hajambo, skrini inamletea mtazamaji habari za tembo mzuri.

Majina ya watu na makundi yaliumia zaidi, kwa sababu Kichina huandika majina ya kigeni kwa kuazima herufi zenye sauti inayokaribiana, na kila herufi ina maana yake ya asili. Herufi iliyobeba sauti ya mwanzo ya Sith ni ileile ya "magharibi". Obi-Wan, mwalimu mwenye hekima, akawa Ratio Tile, yaani uwiano na kigae. Mashujaa wa Jedi huandikwa "juedi", neno ambalo tayari lilikuwepo katika Kichina likimaanisha mahali ambapo mtu amebanwa na hana pa kutokea, kwa hiyo wakawa mashujaa wa hali isiyo na matumaini. Baraza lao la wazee likapata bahati ya pekee. Neno la Kichina la baraza hilo ndilo pia jina la Kanisa la Presbiteri, na mashine ikachagua kanisa. Msomaji wa Kenya aliyezoea kusikia habari za wazee wa kanisa ataona haraka jinsi maana hizo mbili zinavyokaribiana, na jinsi zilivyo mbali na mapanga ya mwanga.

Lakini kilele ni mwisho wa filamu. Darth Vader anaambiwa kwamba mkewe amekufa. Anapiga ukelele mrefu wa uchungu, neno moja tu: hapana. Mfasiri wa Kichina aliweka "bu yao", ambalo Mchina hulitamka akikataa jambo lisitokee, na pale lilifaa kabisa. Neno kwa neno, ni "kutotaka". Skrini ikaandika: "Do not want". Kwa Kiswahili hakuna kinacholingana nalo zaidi kuliko "hapana taka", lugha ya mlowezi akirudisha sahani jikoni.

Kinachotokea kichwani mwa msomaji wakati huo kimechunguzwa maabara. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard, wakiwa San Diego, waliwapa watu sentensi za kusoma neno moja baada ya jingine huku wakipima umeme wa ubongo kichwani. Sentensi ilipoishia na neno lisilotarajiwa, kwa mfano mtu anapopaka soksi kwenye mkate, wimbi lilishuka upande hasi kwa nguvu, likifikia upeo wake yapata sehemu 400 za elfu za sekunde baada ya neno kuonekana. Wimbi hilo huitwa N400. Linaonyesha kwamba ubongo umekuwa ukibashiri maana wakati wote na sasa unapata shida kuliweka neno mahali pake.

Kushtuka peke yake hakuchekeshi. Maneno yaliyochanganywa ovyo hushtua pia, na humchosha msomaji baada ya mstari wa pili. Mwanasaikolojia Jerry Suls alieleza mwaka 1972 kwamba kichekesho hupita hatua mbili: kwanza tarajio linavunjika, kisha akili inatafuta kanuni itakayolifanya lile lisilofaa lifae kwa namna fulani. Sabtaito za Shanghai zina hatua zote mbili. "Hapana taka" si sahihi, lakini njia ya kurudi kwenye "hapana" iko wazi, na mtazamaji anaipita papo hapo. Anashika maana mbili kwa mkupuo mmoja, msiba wa mjane na mlo uliokataliwa. Uso wa mwigizaji haubadiliki, muziki unaendelea kuomboleza, na uzito huo wote ndio unaoipa tofauti nguvu yake.

Haifai kuwacheka Wachina kwa hili. Aliyeandika "bu yao" aliijua lugha yake vizuri. Kilichoshindwa ni programu iliyokuja baada yake.

Peter McGraw na Caleb Warren waliongeza sharti jingine mwaka 2010: jambo huchekesha linapovunja utaratibu na wakati huohuo likaonekana halina madhara. Filamu ya kubuni hutimiza sharti hilo bila shida, maana hakuna anayeumia Vader akiitwa lolote.

Leo makosa ya aina ile yamepungua. Kuanzia mwaka 2016 Google ilihamia kwenye mitandao ya neva, na Kichina kwenda Kiingereza kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Mitandao hiyo husoma sentensi nzima na kuunda inayoelekea kuwa sahihi kutokana na mamilioni ya mifano, kwa hiyo hata inapokosea hutoa sentensi iliyonyooka. Kosa la zamani lilijitangaza lenyewe. La sasa linateleza machoni bila kugusa popote. Ubongo haushtuki, na hakuna njia ya kurudi kwenye maana ya kwanza isipokuwa mtu ajuaye lugha zote mbili ayaweke maandishi hayo sambamba.

Oktoba 2017 mfanyakazi mmoja wa ujenzi, Mpalestina, aliweka Facebook picha yake akiwa ameegemea buldoza kwenye makazi ya Waisraeli ya Beitar Illit, Ukingo wa Magharibi. Chini yake aliandika salamu kwa Kiarabu: asubuhi njema kwao. Tafsiri ya mashine kwa Kiebrania ilisomeka "washambulieni". Lilikuwa neno fupi, safi, lisilo na tembo wala kigae ndani yake. Polisi wa Israeli walimkamata na kumhoji kwa saa kadhaa kabla ya kumwachilia, na Facebook ikaomba radhi. Kabla ya kukamatwa kwake, hakuna ofisa ajuaye Kiarabu aliyekuwa ameyasoma maneno yenyewe.