Watoto, Mwambieni Mwalimu

Mpwa wangu wa darasa la sita aliniwekea daftari lake mezani bila salamu, amenuna. Zoezi lilikuwa la kujaza nafasi, na sentensi ya tatu ilisomeka hivi: "Watoto, ________ mwalimu kwamba mvua imeanza (ambia)." Yeye alijaza waambieni. Juu yake palikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni jibu sahihi: mwambieni.

"Mjomba, si watoto ni wengi?"

Ni wengi, ndiyo. Na mtu asidhani kwamba kijana huyu hajui Kiswahili. Siku hiyohiyo nilimsikia dirishani akiwapigia kelele wenzake, "Mwambieni arudishe mpira!" bila kukosea hata herufi moja. Mdomo wake unaijua kanuni, ila penseli ikifika kwenye kile kistari kirefu, jicho linakimbilia nomino ya kwanza linayoiona. Ameona watoto, akaweka wa-.

Nikamwambia neno hili limebeba watu wa pande mbili, na kila upande una mlango wake. Wanaosemeshwa wanakaa mwishoni, kwenye -ni. Anayetendewa anakaa mwanzoni, mbele ya mzizi wa kitenzi. Katika sentensi yake, watoto wameshapata nafasi yao kule mwisho. Anayeambiwa ni mwalimu, naye ni mmoja, kwa hiyo mlango wa mbele ni wake: mw-. Ukiwaweka watoto mbele pia, mwalimu anabaki nje, na watoto wanatakiwa waende kuwaambia watu wengine kabisa. Waambieni yenyewe haina ubaya wowote, ila ilihitaji walimu badala ya mwalimu.

Nilimwandikia maneno manne kwenye karatasi. Mwambie: mmoja anatumwa kwa mmoja. Mwambieni: wengi wanatumwa kwa mmoja. Waambie: mmoja anatumwa kwa wengi. Waambieni: wengi kwa wengi. Akayatazama, akafunika mwisho wa maneno kwa kidole, kisha akafunika mwanzo. Alikuwa ameelewa kabla sijamaliza.

Nipeni ndilo linalowachanganya zaidi, kwa sababu ni iko pande zote mbili. Ya mwanzo ni mimi ninayepewa, ya mwisho ni ninyi mnaotoa. Zinafanana kwa sauti tu. Ukizing'oa zote mbili, kinachobaki cha kitenzi ni pe, yaani pa iliyogeuza irabu yake. Kitenzi hiki kina tabia yake: hakitoki nje peke yake. Hutamsikia mtu akiamuru "pa!" wala "peni!" Lazima anayepewa atajwe: nipe, mpe, tupeni, wapeni.

Hapo zoezi linaweza kutega mtego mwingine. "Kalamu hizo, ________ (pa)," na msemaji anazitaka yeye. Mtoto aliyefundishwa upatanisho wa ngeli anaona kalamu hizo, anakumbuka zi-, anaandika zipeni. Lakini kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya mtendwa, na kwa pa nafasi hiyo huchukuliwa na anayepokea, si kinachotolewa. Zipeni ina maana kwamba kalamu zenyewe ndizo zipewe kitu, labda wino. Jibu ni nipeni. Kitu kikiwa ndicho kinachopokea, hapo kiambishi chake kinastahili: "Ipeni miche maji" ni Kiswahili safi, kwa kuwa miche ndiyo inayopewa. Na kitenzi kikiwa leta, "Kalamu hizo, zileteni" hakina kasoro, maana zinazoletwa ni kalamu.

Jambo la irabu huwasumbua wengi, nami naona hufundishwa kwa haraka mno. Ukimsemesha mtu mmoja unasema "Soma kitabu," lakini kiambishi cha mtendwa kikiingia, a ya mwisho inageuka e: "Kisome kitabu." Ukiwasemesha wengi, a inageuka hata kama mtendwa hayumo: someni, kisomeni. Kwa hiyo kwenye wingi huwezi kuitegemea e ikuambie kama mtendwa yumo, utazame mbele. Kisha kuna vitenzi visivyoishia na a, vingi vikiwa vimetoka kwenye Kiarabu, navyo havigeuki kamwe: jibu, samehe, sahau. Tunasema nijibuni, nisameheni, msahauni. Mtoto anayeandika "nijibeni" ameikariri e pasipo kuangalia kitenzi kilikuwa kimeishia na nini.

Hiyo -ni ya mwisho, kwa njia, haikuzaliwa kwa ajili ya amri. Kazi yake ni kuonyesha kwamba unaosema nao ni zaidi ya mmoja. Ndiyo maana tuna karibuni, poleni na asanteni, na hongera ikawa hongereni kwa mageuzi yaleyale ya a kuwa e. Tanzania utasikia kila siku "Naombeni maji," na hapo hakuna aliyeamrishwa: msemaji anaeleza ombi lake mbele ya watu kadhaa.

Sentensi ya saba ya zoezi ndiyo iliyonifanya nimtetee mpwa wangu. "Wanafunzi, ________ mwalimu (ngoja)." Aliandika mngoje, akakosa. Jibu lililotakiwa ni mngojeni. Sasa litazame hilo mngoje. Likisomwa kama amri kwa mtu mmoja, m- ni mwalimu anayengojwa, na kweli limekosewa kwa sababu wanafunzi ni wengi. Lakini tunayo pia namna nyingine ya kuagiza, ile ya upole, inayotanguliza anayetenda: uende, mwende, ungoje, mngoje. Kwa namna hiyo m- si mwalimu tena, ni ninyi wanafunzi, na -ni haihitajiki kwa kuwa wingi umeshatajwa mbele. Ukitaka mwalimu naye aonekane ndani ya kitenzi, unapata mmngoje, m moja ya ninyi na nyingine ya yeye. Mimi ningeipendelea hiyo, maana mtendwa akiwa mtu anayejulikana, Kiswahili hupenda kumtaja ndani ya kitenzi. Hata hivyo mtoto aliyeandika mngoje huenda alijua vizuri alichokuwa akisema. Anayesahihisha hana njia ya kujua, kwa kuwa swali halikumwambia mtoto atumie umbo lipi.

Mngojeni halina utata huo. Ile -ni ya mwisho inafunga mjadala: wanaongoja ni wengi, na m- ya mbele haiwezi kuwa mwingine isipokuwa anayengojwa. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye ukanushi -ni inaondoka. Tunasema msimwambie na msinipe. Wingi uko kwenye msi-, na "msimwambieni", ingawa husikika, ni kuwataja watu walewale mara mbili.

Nilimrudishia daftari, nikamwambia sentensi ya tatu amekosa, ya saba akamwombe mwalimu waizungumze. Na ninyi mnaotunga mazoezi haya, msiishie kuandika kitenzi peke yake kwenye mabano. Andikeni "ngoja, yeye, amri" na mwambieni mtoto ni nani anayetendewa, ndipo mtakapokuwa na haki ya wino mwekundu.