Jjkgjmmw: mtoto, mfuko wa suruali au mashine?

Tuseme wavuvi wa Lundo wana namba moja ya simu iliyounganishwa na kompyuta. Mnunuzi aliye Mbinga mjini, au mvuvi aliyetia nanga Liuli, anaandika USIPA LUNDO, anatuma, na baada ya sekunde chache anarudishiwa bei ya siku ya wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa. Namba ya namna hiyo ikishajulikana huanza kupokea takataka. Asubuhi moja zinaingia jumbe tatu: jjkgjmmw, kisha ghjhgfdfgh, kisha vqzbtxowlr. Hakuna yenye maana. Lakini mbili ni bahati mbaya ya binadamu na moja imetungwa na kompyuta, na anayeitunza namba hiyo anahitaji kujua ipi ni ipi kabla hajamfungia mvuvi wa kweli.

Tuanze na ya kwanza, maana inasimulia mengi kuliko inavyoonekana. Ipeleke kwenye vibonye vya kitochi. Herufi j na k ziko kwenye 5, g iko kwenye 4, m kwenye 6, w kwenye 9. Ukiifuata kwa mpangilio wake unapata 5, 5, 5, 4, 5, 6, 6, 9, na kila hatua ni kibonye kilekile au kilichopakana nacho. Tazama pia kwamba kwenye kitochi herufi ya kwanza ya kibonye hutoka kwa mbonyezo mmoja, ya pili kwa miwili ya haraka, ya tatu kwa mitatu. Anayebonyeza bila kukusudia huangukia zaidi zile za kwanza: a, d, g, j, m, p, t na w. Humu zimo saba kati ya nane. Mashine inayookota herufi zote 26 kwa usawa ingetoa za kundi hilo kama mbili au tatu tu. Huu ni mkono wa mtoto, au simu iliyoachwa wazi mfukoni.

Ya pili imetoka kwenye simu janja, ambayo kibodi yake hupanga herufi kwa safu zinazoanza na Q, A na Z. Humo g imepakana na h, h na j, f na d. Jozi zote tisa za ghjhgfdfgh ni za majirani au za kurudi kwa jirani. Nimehesabu majirani wa kila herufi kwenye kibodi hiyo: ukichagua herufi mbili kwa kubahatisha, uwezekano wa kuwa ni jirani au ni herufi ileile ni takribani moja kwa tano. Basi jozi tisa mfululizo kuangukia hivyo kwa kura tupu ni jambo la mara moja katika karibu milioni 2. Vidole vilipita pale pale vilipokuwa.

Ya tatu haina jozi hata moja ya majirani. Hilo peke yake halitoshi kuihukumu, kwa sababu neno usipa nalo halina. Tofauti inakuja kwenye irabu. Katika Kiswahili karibu nusu ya herufi ni irabu, na usipa lina tatu kati ya tano, ilhali vqzbtxowlr ina o moja kati ya kumi. Si neno, na si njia ya kidole. Dhana ya mashine inaanza kuwa nzito, ila kwa mfuatano mmoja mfupi kiasi hiki nisingethubutu kufunga namba ya mtu.

Hapo ndipo marudio yanaposaidia. Mtunzi wa programu za takataka anajua kwamba ujumbe uleule ukitumwa mara mia utanaswa, kwa hiyo huifanya programu ibadilishe herufi kila mara. Asichobadilisha kwa kawaida ni umbo. Andika H mahali pa kila herufi na N mahali pa kila tarakimu, kisha ulinganishe: ujumbe mpya kila mara ni H kumi, herufi ndogo, bila nafasi, kutoka namba sita tofauti. Watoto sita hawawezi kuishia wote kwenye herufi ya kumi. Marudio ya binadamu ni ya aina nyingine. Mtandao ukisita, simu hukosa jibu kwamba ujumbe umepokelewa na huutuma tena, hivyo USIPA LUNDO huingia mara mbili au tatu, neno kwa neno, kutoka namba ileile. Mfumo unaofungia kila marudio utamwadhibu mwenye mtandao dhaifu kwanza.

Shahidi wa tatu ni saa. Jumbe za mashine zikiachana kwa sekunde 61, 60, 62, 60 na 61, wastani ni 60.8, na kupotoka kwake kutoka wastani hakufiki sekunde moja. Ukigawa huko kupotoka kwa wastani unapata 0.01. Mtoto anayechezea simu hutuma kwa sekunde 7, 4, 9, kisha ananyang'anywa simu, anairudia baada ya sekunde 310, halafu 5. Hesabu ileile inatoa 1.8. Matukio yanayoangukia ovyo kabisa hutoa kama 1. Hata mashine iliyoagizwa kusubiri muda wowote kati ya sekunde 30 na 90 ili ijifiche hutoa 0.29 tu, ambayo bado ni nidhamu kuliko ya mtu.

Lakini ufukweni shahidi huyu hudanganya, na ndiyo sababu nasisitiza asipewe neno la mwisho. Mifumo mingi humshuku anayetuma saa nane usiku, wakati uvuvi wa dagaa kwa taa ni kazi ya usiku na saa nane mvuvi yuko macho kuliko karani wa mjini mchana. Tena mtumbwi ukiwa mbali na mnara, jumbe zinaweza kukwama ndani ya simu na kutoka zote kwa mkupuo mawimbi yanaporudi. Muhuri wa saa unaosomwa kwenye ujumbe huwekwa na kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu kinapoupokea, si pale kidole kilipobonyeza. Jumbe tano za saa tofauti zitaonekana zimetumwa kwa dakika moja. Kwa mpokeaji aliyekuwa nje ya mtandao mambo ni afadhali: jumbe zilizohifadhiwa kituoni humfikia kwa pamoja, ila kila mmoja na muhuri wa saa yake, kwa hiyo asome muhuri, si mlio wa simu.

Kwa hiyo ningepanga hivi: umbo na marudio yatangulie, saa ithibitishe tu, na palipobaki shaka namba ijibu mara moja, “Hatujaelewa. Andika USIPA LUNDO.” Mtu hunyamaza au husahihisha. Programu ya kutuma tu huendelea na mwendo wake.

Kuna ujumbe mmoja ambao Watanzania wengi wameupokea na ambao unapita vipimo hivi: ule wa “ile hela tuma kwenye namba hii.” Umetengenezwa uonekane kama mtu aliyekosea namba katikati ya mazungumzo. Una irabu zake, una sarufi, na kwako umefika mara moja tu. Ukitumwa na kijana mwenye rundo la laini, akiandika kwa mkono na kupumzika apendavyo, saa haitamfichua. Kinachomfichua ni umbo lile lile kwenye simu za watu wasiofahamiana, na hilo huonekana tu pale jumbe zinapokusanywa pamoja. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hupokea ripoti za jumbe hizo kupitia namba 15040. Mpokeaji mmoja wa Lundo akiufuta tu, nakala yake haifiki kwenye ulinganisho.