Arobaini itakukuta nje ya geti: kweli na si kweli kuhusu kuwekeza mapema

Wadogo zangu, kaka na dada wa zamu zote mbili, nimepewa nafasi ya kuongea kabla basi halijaondoka. Nimechagua maneno ninayoyasikia kila siku mesi na kwenye basi la Kahama. Nitayapima hadharani, lipi kweli na lipi si kweli.

"Niacheni kwanza. Nikifika arobaini mshahara utakuwa mkubwa, nitaanza hapo."

Si kweli, na huku kwetu ndiyo kabisa. Mwalimu anaweza kutegemea mshahara upande kidogo kidogo mpaka astaafu, lakini ajira ya mgodi haiendi hivyo. Golden Pride pale Nzega ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa 2014. Buzwagi, hapa hapa Kahama, ulianza kuzalisha 2009, na mtambo wake ukaacha kusaga mawe 2021. Hiyo ni miaka 12. Kijana aliyeingia Buzwagi siku ya kwanza akiwa na miaka 25 alikuwa na 37 mgodi ulipofika mwisho. Arobaini ilimkuta nje ya geti.

Wapo waliopata kazi Bulyanhulu, Geita au North Mara, na wapo waliorudi nyumbani kulima na kufungua maduka. Hakuna aliyejua mapema yeye atakuwa upande upi. Katika ukanda huu wa dhahabu, miaka ya mshahara mzuri mara nyingi ndiyo inayotangulia. Anayesubiri arobaini anasubiri mshahara ambao huenda usiwepo.

"Aliyeanza akiwa na arobaini akiweka pesa nyingi zaidi, atamfikia aliyeanza mapema."

Hili nataka tulipigie hesabu polepole, maana wengi wanaona liko wazi, kumbe sivyo. Tuchukue dada wa maabara mwenye miaka 25. Anaweka Sh 100,000 kila mwezi, yaani Sh 1,200,000 kwa mwaka, kwa miaka 15. Akifika arobaini anaacha kabisa, haongezi hata shilingi. Kaka dereva yeye anaanza akiwa na arobaini, anaweka kiasi kile kile mpaka afike 60. Dada ametoa mfukoni Sh milioni 18, kaka ametoa milioni 24. Tuseme pesa zao zinakua kwa asilimia 10 kwa mwaka, na faida haitolewi, inabaki humo humo.

Dada akifika arobaini ana kama Sh milioni 38. Anaziacha zikae miaka 20, na akiwa na 60 zimefika takriban milioni 256. Kaka naye akiwa na 60 ana kama milioni 69. Ametoa pesa nyingi kuliko dada, lakini amepata chini ya theluthi ya alichopata dada. Ili amfikie, angepaswa kuweka karibu Sh 373,000 kila mwezi kwa miaka yote 20, bila kuruka hata mwezi mmoja.

Wasukuma wa hapa hawahitaji karatasi kuliona hili. Ukipewa mtamba ukiwa kijana, anazaa, na mabinti zake nao wanazaa. Baada ya miaka mingi zizi limejaa ng'ombe ambao hukuwanunua. Mwenye kununua mtamba wake uzeeni anapata ndama, lakini wajukuu wa ng'ombe hawatamuwahi. Faida inayozaa faida ndiyo hiyo, na chakula chake ni miaka.

"Basi hata kibubu kinatosha, mradi nianze mapema."

Si kweli, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hata wanaohubiri kuanza mapema hupaacha. Miaka ina nguvu pale tu pesa inapokua kwa kasi kuliko bei za vitu. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, kwa miaka 35 kitu cha Sh 1,000 kitauzwa zaidi ya Sh 5,500. Ile milioni 256 ya dada itanunua vitu vya kama milioni 46 vya leo, na milioni 69 ya kaka itanunua vya milioni 12 na nusu. Bado dada yuko mbele sana.

Lakini kama pesa yenyewe nayo inakua kwa asilimia 5 tu, sawa na bei, kuwahi hakukuongezei kitu. Utabaki na thamani ya ulichoweka tu. Pesa ya kibubu haikui kabisa, kwa hiyo anayewahi kuiweka ndiye anayeliwa zaidi.

Ndiyo maana uwekaji wa miaka mingi unafaa kwenda kwenye hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, au kwenye mifuko ya pamoja kama ile ya UTT AMIS. Mfuko wa Umoja ulianza 2005 kwa Sh 70 kwa kipande, na sasa kipande kimepita Sh 1,000. Hiyo haina maana kwamba miaka 20 ijayo itakuwa hivyo hivyo. Thamani ya kipande inaweza kushuka pia, na asilimia 10 niliyotumia ni ya kupigia hesabu, hakuna aliyeiahidi.

Akija mtu na ahadi ya kukurudishia mara mbili kwa miezi michache, kumbukeni DECI iliyoporomoka 2009 na pesa za watu. Kabla ya kutoa chochote, uliza kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

"Mwenye deni la kausha damu asubiri kwanza."

Hili ni kweli tupu. Mkopo wa asilimia 20 kwa mwezi hauna uwekezaji halali wa kuushinda. Lipa huo kwanza. Halafu weka pembeni matumizi ya miezi mitatu au minne mahali unapoweza kuyachukua haraka, ili mkataba ukikatika usilazimike kuuza vipande wakati bei iko chini.

"Nina NSSF, sihitaji kingine."

Nusu ni kweli. Mchango wa asilimia 20 ya mshahara, wako na wa mwajiri kwa pamoja, ni akiba nzito na haupotei ukihama mwajiri. Ila pensheni ya kila mwezi inataka uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Yule kijana wa Buzwagi aliyekaa miaka yote 12 alitoka na miezi 144. Alibakiza 36, na ilimpasa aipate kwa mwajiri mwingine. Aliyeanza akiwa na 25 bado ana muda wa kuikamilisha hata akikaa nje miaka kadhaa. Aliyeanza akiwa na arobaini, miaka 15 inamfikisha 55, na kila mwaka anaokaa bila kazi unamsogeza karibu na 60, umri wa kustaafu kwa lazima.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya chochote kingine, chukua taarifa yako ya michango ya NSSF. Hesabu miezi. Linganisha na hati zako za mshahara, uone kama kila mwezi uliokatwa pesa umeingia kweli. Ukikuta pengo, nenda kwa rasilimali watu sasa, wakati ofisi ipo na kumbukumbu zipo. Mgodi ukishafungwa, kumpata mtu wa kukuthibitishia mwezi mmoja wa miaka kumi iliyopita ni kazi ngumu mno.