Kushoto Picha, Kulia Sauti

Anayetengeneza video yake ya kwanza ya maelezo kwa kawaida huandika insha. Maneno yanakaa vizuri, aya baada ya aya, kisha anashika simu ili arekodi, na hapo ndipo anapogundua kuwa hajui kamera aielekeze wapi. Watengenezaji wa matangazo na vipindi vya televisheni wana dawa yao ya siku nyingi: skripti inaandikwa katika safu mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Wapo wanaogeuza pande, na si kosa.

Tumia jedwali la programu yako ya kuandikia. Ukitenganisha safu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, siku utakapoongeza sentensi upande mmoja, kila kitu kitahama na picha itakaa mbele ya maneno yasiyo yake. Mimi huongeza pia safu nyembamba ya namba, maana ni rahisi kumwambia mshika kamera "turudie namba mbili" kuliko kumweleza.

Tuseme unatengeneza video ya dakika moja ya kuchanganya ORS, ule unga wa pakiti anaopewa mtu anayeharisha:

| Na. | Picha | Sauti |
|---|---|---|
| 1 | Karibu sana: kidole kinaonyesha "lita 1" kwenye pakiti. | MSIMULIZI: Kabla hujachana pakiti, soma inataka maji kiasi gani. |
| 2 | Chupa mbili za nusu lita, maji yaliyochemshwa na kupoa, zinamiminwa zote kwenye jagi safi. | MSIMULIZI: Usikisie kwa kikombe. Maji yakipungua, chumvi inazidi, na hiyo inaweza kumdhuru mtoto. (Kimya. Mlio wa maji tu.) |
| 3 | Unga unamwagwa wote, kijiko kinakoroga. Maandishi: PAKITI NZIMA. | MSIMULIZI: Weka pakiti nzima, usibakize. |

Tazama namba 2. Wengi wangeandika kulia: "Sasa ninamimina maji kwenye jagi." Hilo mtazamaji analiona mwenyewe. Sauti imepewa kazi ambayo picha haiwezi, yaani kueleza kwa nini kipimo kisikosewe. Ukisoma mstari wowote kutoka kushoto kwenda kulia ukakuta pande zote mbili zinasema jambo lilelile, futa maneno.

Kimya kile nacho kimeandikwa makusudi. Lita moja haimiminiki haraka kama sentensi inavyosemwa. Bila kukitaja, msimulizi ataingia namba 3 wakati maji bado yanatiririka, na mhariri atalazimika kuikata picha ambayo mtazamaji alihitaji kuiona hadi mwisho. Ndiyo maana muda wa skripti haupimwi kwa kuhesabu maneno. Miongozo ya Kiingereza hutaja maneno kama 150 kwa dakika, lakini maneno yetu ni marefu. Ukifuata hesabu hiyo msimulizi atakimbia mbio. Washa saa ya simu, soma safu ya kulia kwa sauti, na penye kimya fanya kitendo chenyewe kwa mikono.

Maandishi ya kwenye skrini hukaa kushoto kwa sababu yanaonekana, hata kama ni maneno. Yawe machache, na yalingane na kinachosemwa wakati huohuo, kwani hakuna anayeweza kusoma jambo moja huku akisikiliza jingine.

Ugumu wenyewe unakuja namba 4. Mchanganyiko ukishakaa saa 24 unamwagwa. Kulia sentensi inaandikika mara moja. Kushoto anayeanza huandika "umuhimu wa kuzingatia muda". Hiyo haipigiki picha. Jaribu kila kisanduku cha kushoto kwa swali moja: mshika kamera akikisoma peke yake, atajua aweke nini mbele ya lenzi? Hapa ingefaa jagi lililofunikwa, limebandikwa karatasi yenye "Jumatatu, saa 2 asubuhi". Kisha mkono, kalenda ya ukutani ikionyesha Jumanne, unamwaga yaliyobaki. Hizo ni picha mbili, kwa hiyo mistari miwili: picha ikibadilika, fungua mstari mpya. Na ukiona kisanduku cha kulia kina sentensi sita mbele ya picha moja, ujue mtazamaji atakodolea jagi lilelile mpaka achoke.

Mpangilio huu hausaidii sana penye mahojiano, kwa sababu huwezi kumwandikia muuguzi majibu. Andika kulia swali utakalomuuliza na uache nafasi. Ukisharekodi, jaza maneno aliyoyasema kweli pamoja na jina la faili, halafu rudi kushoto uchague picha za kufunika pale utakapokata maneno yake.