Ukurasa Mmoja Kabla ya Kulipia Kiwanja

Mnunuzi wa kiwanja kilichopimwa mjini Dodoma huletewa mafungu mawili ya karatasi: mkataba wa mauziano, na hati miliki pamoja na ramani yake ya upimaji. Wakili mzuri humfupishia yote katika ukurasa mmoja. Kazi yake hasa ni kuweka mkataba kando ya hati na kuandika kila mahali zinapotofautiana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkataba unamtaja muuzaji mmoja, mwanamume, naye ametia saini. Hati ina majina mawili, lake na la mkewe, kama wamiliki wa pamoja. Kwa hiyo chini ya "Wahusika" ufupisho hauishii kwenye jina la muuzaji. Unaeleza: "Mmiliki wa pili hajasaini." Mmiliki mmoja hawezi kuuza haki ya mwenzake.

Kiwanja hutambulishwa kwa namba, kitalu, eneo la mji na ukubwa, si kwa kusema kiko jirani na msikiti. Hapa namba na kitalu vinalingana, ila mkataba unasema mita za mraba 900 na hati inasema 840. Kipimo kinachotegemewa ni cha hati na ramani yake. Isitoshe, hati ni ya miaka 33 kuanzia Julai 2005, hivyo mnunuzi anapata miaka iliyobaki tu, hadi 2038.

Bei ni shilingi 27,000,000: milioni 15 siku ya kusaini, milioni 12 baada ya uhamisho wa miliki. Pande mbili zilipatana shilingi 30,000 kwa kila mita ya mraba. Mita 60 zisizokuwepo kwenye hati zinamgharimu mnunuzi shilingi 1,800,000. Hilo nalo linaandikwa, ili bei ijadiliwe kabla ya kusaini.

Sehemu ya mwisho ni masharti yasiyotimizwa. Upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati umeonyesha rehani ya benki, wakati mkataba unasema tu kwamba muuzaji "ataishughulikia". Kauli hiyo haitoshi. Ufupisho unataja nani atafanya nini, lini, na kwa ushahidi gani: "Muuzaji alipe deni, benki itoe hati ya kuondoa rehani, hakuna malipo ya awali kabla ya rehani kufutwa kwenye daftari." Kodi ya pango la ardhi inaandikwa vivyo hivyo, pamoja na stakabadhi inayodaiwa. Mkataba haukusema nani atalipa ushuru wa stempu, basi wakili anaandika "haijatajwa", hata kama muuzaji ameahidi kwa mdomo kuulipa.

Ukurasa huo ukikamilika, mnunuzi wetu ana mambo manne ya kumrudishia muuzaji kabla ya kutoa milioni 15: saini ya mke, bei ya mita 60, rehani na kodi, na mlipaji wa ushuru.