Mnada wa Leo Uko Wapi?

Mgeni akiuliza, "Kesho kuna mnada hapa?", mara nyingi ataambiwa ndiyo, kwa ukarimu tu. Swali lenye manufaa ni jingine: "Mnada wa kesho uko wapi?" Hilo halijibiki kwa ndiyo wala hapana, na anayelijua vizuri ni muuza mitumba. Yeye huzunguka na marobota yake mnada baada ya mnada, na ratiba yote ya wilaya anayo kichwani.

Kaskazini mwa Tanzania ratiba hizo ni za aina mbili, na watu wengi hupotea kwa kuzichanganya. Minada mingine hufuata siku ya juma. Kisongo, nje kidogo ya Arusha, ni Jumatano. Ngaramtoni ni Alhamisi na Jumapili. Hiyo ni rahisi. Karatu ni hesabu nyingine, kwa sababu mnada wake umezoeleka kwa tarehe 7 na 25 za mwezi. Hapo anayekumbuka siku ya juma amekwisha kukosea. Chukua Julai 2025: tarehe 7 ilikuwa Jumatatu, tarehe 25 ikawa Ijumaa, na tarehe 7 Agosti ikaangukia Alhamisi. Nafasi kati ya minada nayo hailingani, siku 18 kisha 13, na mwezi wa siku 30 huipunguza hiyo ya pili iwe 12. Kwa hiyo ukiambiwa "mnada ulikuwa Ijumaa iliyopita", uliza tarehe kabla ya kupanga safari.

Mahali nako kuna mtego. Mnada huitwa kwa jina la mji au kata, lakini uwanja mara nyingi uko nje ya makazi, penye nafasi ya mazizi. Shuka stendi, mwambie bodaboda "uwanja wa mnada", usiseme "sokoni", la sivyo atakupeleka kwenye nyanya na vitunguu vya kila siku. Ukiwa njiani mapema, tazama ng'ombe na mbuzi wanaoswagwa kwa miguu upande mmoja na mafuso yaliyojaa mizigo na watu. Vyote vikielekea huko, umefika siku yenyewe. Barabara ikiwa tupu saa nne asubuhi, kuna jambo.

Jambo hilo mara nyingi ni karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka, mifugo huzuiwa kuhama na upande wa ng'ombe hufungwa, hata kama wauza nguo na nafaka wataendelea kutandaza. Mwenye kwenda kununua fahali, basi, asitosheke na neno la muuza mitumba. Ampigie afisa mifugo wa kata siku moja kabla, kwa kuwa ndiye anayejua kama vibali vya kusafirisha mifugo vinatolewa.