Viza ya Ubelgiji: karatasi ya mdhamini inasema nini, na mshahara wake unapimwa vipi

Mama wa Bukavu anaalikwa na mtoto wake aliye Liège kukaa naye siku 30. Kama mama hana pesa za kutosha kwa jina lake, mtoto anaweza kumdhamini kwa karatasi rasmi ya Ubelgiji inayoitwa Annexe 3bis. Barua ya kualika iliyoandikwa kwa mkono haiwezi kuchukua nafasi yake.

Mdhamini lazima awe raia wa Ubelgiji ao mwenye kibali cha kukaa huko bila kikomo. Anajaza majina, anwani na kazi yake, majina ya mgeni, sababu ya safari na muda wa kukaa. Kisha anaenda kwenye komine anakoishi, sahihi yake ihalalishwe. Tangu siku hiyo, mgeni ana miezi 6 ya kuweka ombi lake la viza. Kwa watu wa Kivu wanaopaswa kwanza kupata nafasi ya kupokelewa Kinshasa na tikiti ya ndege, muda huo unaisha upesi.

Jambo ambalo wengi hawalisomi ni hili: anayeweka sahihi anajifunga kwa miaka 2, kuanzia siku mgeni anapoingia. Mgeni akilazwa hospitali, akikosa pa kuishi ao akirudishwa kwao kwa nguvu, serikali ya Ubelgiji inaweza kumdai mdhamini gharama hizo. Viza ikiwa ya siku 30, deni hilo bado ni la miaka 2.

Kwa upande wa pesa, kinachotafutwa ni mapato yanayoingia kila mwezi. Mwajiriwa anatoa karatasi za mshahara za miezi 3 ya mwisho pamoja na mkataba wa kazi. Anayejitegemea anatoa hati ya kodi. Anaeleza pia ni watu wangapi anaowalisha nyumbani, kwa sababu mshahara unaomtosha mtu mmoja unaweza kuonekana mdogo kwa baba wa watoto wanne. Pesa nyingi zilizoingia banki juma moja mbele ya ombi hazionyeshi mapato ya kila mwezi.

Mgeni anayejilipia mwenyewe anapimwa kwa siku: euro 45 akilala kwa ndugu, euro 95 akilala hoteli. Kwa mama wa Bukavu, siku 30 kwa mtoto wake zingekuwa euro 1.350.

Hata udhamini ukikubaliwa, viza inaweza kukataliwa. Karatasi hiyo inajibu swali la nani atalipa. Swali la kama mgeni atarudi analijibu mama mwenyewe: kwa hati ya kazi, ya nyumba ao ya biashara yake Bukavu, pamoja na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba mdhamini ni mtoto wake kweli. Bima ya safari ya euro 30.000 nayo inabaki ya lazima.